Mkate wa chachu ya asili na mgonjwa wa siliaki

"Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 19. Mwaka jana aligundulika kuwa na ugonjwa wa siliaki baada ya kuhangaika muda mrefu na upungufu wa damu. Tangu hapo hagusi chapati wala mkate. Sasa kuna dada yuko Arusha, Njiro, anaoka mkate wa chachu ya asili, hatumii hamira. Anasema unga anaulaza saa 24 na bakteria wanaila gluteni yote. Binti alikula vipande viwili wiki iliyopita na hakupata shida yoyote. Ni kweli mkate huo una gluteni kidogo? Anaweza kuendelea kuula? Mama wa Soweto, Moshi."

Marahaba, mama. Binti asiule tena mkate huo, hata kipande kimoja, hata kwa siku moja moja. Huyo dada wa Njiro sidhani kama ana nia mbaya, kwa sababu sehemu ya maneno yake ni kweli: chachu ya asili hupunguza gluteni, ile protini ya ngano. Lakini kwa mgonjwa wa siliaki, ambaye kinga ya mwili wake hushambulia utumbo anapokula gluteni, tunaangalia kile kinachobaki, si kile kilichopungua. Naomba uchukue kalamu tupige hesabu ya kipande kimoja.

Kipande cha kawaida kina uzito wa gramu 40 hivi. Ukiondoa maji na chumvi, unga wa ngano uliomo ni kama gramu 25. Unga wa mkate huwa na protini karibu asilimia 11, na zaidi ya robo tatu ya protini hiyo ndiyo gluteni. Kwa hiyo kipande kimoja kimebeba gluteni karibu gramu 2, yaani miligramu 2,000.

Sasa linganisha na kiasi kinachomdhuru mgonjwa. Mwaka 2007 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wagonjwa wa siliaki, waliokuwa tayari wameacha ngano, walimeza kila siku kidonge chenye gluteni ya kiasi kinachojulikana, kwa siku 90. Waliopewa miligramu 50 kwa siku, kuta za utumbo wao zilianza kuharibika. Ndiyo maana wataalamu wengi hupendelea mgonjwa asizidishe miligramu 10 kwa siku, kutoka vyakula vyote alivyokula.

Tuseme chachu ya yule dada imeharibu nusu ya gluteni, na hilo lingekuwa jambo kubwa kwa mkate wa kawaida. Zinabaki miligramu 1,000. Tuseme imeharibu tisa ya kumi. Zinabaki 200, mara nne ya kile kilichoharibu utumbo wa watu katika jaribio lile. Ili kipande hicho kifike miligramu 10 inabidi gluteni iharibiwe kwa asilimia 99.5, na hapo binti atakuwa amemaliza fungu lake la siku nzima kwa kipande kimoja.

Kwa nini chachu haiwezi kufika huko? Katika chachu ya asili wanaishi bakteria wa asidi ya laktiki pamoja na hamira za porini. Chakula kikuu cha bakteria hao ni sukari za kwenye unga, si gluteni. Wakila sukari wanatoa asidi, unga unachachuka, na uchachu huo unaviamsha vimeng'enya ambavyo ngano yenyewe ilikuwa navyo. Vimeng'enya hivyo ndivyo vinavyoanza kuikata gluteni, na bakteria wanaendelea kidogo na vipande vifupi. Kazi hiyo inafanyika kweli, na mwokaji anaiona kwa mikono yake: donge lililolala muda mrefu huwa laini, linalegea, linanata vidoleni.

Lakini kukatwa si kutoweka. Protini ni kama uzi wa shanga, na ukiukata uzi shanga zile bado zipo, zimefungana katika vipande vifupi. Kinga ya mwili wa mgonjwa wa siliaki haihitaji uzi mzima ili ishtuke, inatambua mpangilio wa shanga chache tu. Mwaka 2002 wanasayansi walieleza kipande kimoja cha gluteni chenye asidi amino 33, yaani shanga 33, ambacho vimeng'enya vya tumbo, vya kongosho na vya utumbo wa binadamu vinashindwa kukivunja. Kimejaa asidi amino iitwayo prolini, na vimeng'enya vyetu havina makali ya kukata karibu na prolini. Kinafika kwenye utumbo mwembamba kikiwa kizima, na kwa mtu mwenye urithi wa siliaki kinaamsha kinga ishambulie vijidole vidogo vinavyofyonza chakula. Vijidole hivyo vikilala, madini ya chuma hayaingii mwilini hata mtu akila maini na mboga za majani kila siku. Nadhani ndivyo upungufu wa damu wa binti yako ulivyokuwa ukirudi kila dawa zilipoisha.

Kuna jambo moja ambalo huwa nawaomba waokaji walifikirie. Mkate wa ngano unaumuka kwa sababu gluteni inatengeneza utando unaovutika na kushika hewa. Ukiona mkate umesimama, una matundu makubwa ndani, na kipande chake kinapinda bila kuvunjika, utando huo bado upo. Mwokaji wa Njiro hawezi kuharibu gluteni yote kisha akapata mkate wa namna ile, kwa sababu unga ungegeuka uji. Sifa ile ile anayoisifu mteja, kwamba mkate umeumuka vizuri na una utafuno, ndiyo dalili kwamba gluteni imebaki.

Unaweza kuiona nyumbani, mradi binti asikae jikoni wakati huo. Kanda gramu 100 za unga wa ngano na maji, uache nusu saa, kisha ulioshe donge hilo taratibu ndani ya bakuli la maji, ukibadilisha maji mpaka yasiwe meupe tena. Wanga wote unaondoka, unabaki na kidonge kinachovutika kama mpira, chenye uzito wa gramu 25 hadi 35 kikiwa kibichi. Hiyo ndiyo gluteni. Ukifanya hivyo kwa donge lililochachuka usiku mzima utapata kidonge laini na kinachokatika, ila utakipata. Donge likiwa limechachuka kupita kiasi huenda usipate kidonge kabisa, na hapo wapo wanaofurahi bure: vipande vifupi vimekwenda na maji, na macho hayavioni.

Ni haki pia nikuambie kwamba imani ya huyo dada haikutoka hewani. Ipo kazi ya kisayansi ambayo watu wameisikia nusu. Kule Italia watafiti walichukua bakteria waliochaguliwa kwa uwezo wao wa kukata gluteni, wakaongeza vimeng'enya vya ukungu vinavyotumika viwandani, wakauacha unga wa ngano katika maji mengi kwa muda mrefu chini ya uangalizi wa maabara. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2011, wagonjwa wa siliaki walipewa vyakula vilivyookwa kwa unga huo kwa siku 60. Unga wa kawaida ulikuwa na gluteni miligramu 80,127 kwa kilo. Uliosindikwa kwa sehemu ulibaki na 2,480. Uliosindikwa mpaka mwisho ulibaki na 8.

Wagonjwa watano waliokula ule wa 8 hawakulalamika na vipimo vyao vilikaa sawa. Waliokula ule wa 2,480 walikuwa wawili. Hao nao hawakulalamika hata kidogo, hawakuumwa tumbo, hawakuharisha. Walipochukuliwa vipande vidogo vya utumbo kwa uchunguzi, vijidole vyao vilikuwa vimelala karibu kabisa.

Soma tena hapo, mama. Unga ule ulikuwa umepoteza asilimia 97 ya gluteni, na walioula walijisikia vizuri huku utumbo ukiharibika. Hakuna mwokaji wa nyumbani anayefika asilimia 97, na hata ule unga wa 8 ulikuwa umepoteza nguvu ya kuumuka, ukawa si unga wa mkate tena mpaka uongezewe vitu vingine vya kuushika. Wagonjwa nao walikuwa wachache mno kwa mtu kujenga juu yao desturi ya kula.

Ndiyo maana "hakupata shida yoyote" haitupi faraja. Wagonjwa wengi wa siliaki hawana dalili za tumbo kabisa. Binti yako mwenyewe aligundulika kwa damu, si kwa kuharisha. Mwili wake haukuwa ukimwonya tumboni hata wakati ule alipokuwa akila chapati kila siku, kwa hiyo hauwezi kuwa kipimo cha mkate huu. Vipande viwili vya wiki iliyopita havitamlaza kitandani, na usimgombeze. Hatari ni kuufanya mazoea ya kila Jumamosi akidhani amepata njia.

Huenda yule dada akasema atapeleka mkate maabara. Hapo pia uwe makini. Kipimo kinachotumika sana cha gluteni, ELISA, kwa aina yake ya kawaida kinahitaji kipande cha gluteni kiwe kirefu kiasi cha kushikwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Vipande vilivyokatwa na chachu vinashikika sehemu moja tu, kipimo kinavipita, na namba inatoka ndogo kuliko ukweli. Ipo aina nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya vyakula vilivyochachushwa, lakini nayo haitoi uhakika kamili. Kwa sababu hiyo mwaka 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamua kwamba chakula kilichochachushwa kikitaka kuandikwa "hakina gluteni", mtengenezaji athibitishe kuwa malighafi ilikuwa haina gluteni kabla ya kuchachushwa. Kiwango chenyewe, cha huko na cha Tume ya Codex inayopanga viwango vya chakula vya kimataifa, ni kutozidi miligramu 20 kwa kilo. Mkate wa ngano wa kawaida una makumi ya maelfu. Kwa hiyo usimwulize mwokaji alilaza unga saa ngapi. Mwulize ni unga wa nafaka gani.

Najua utakutana na watu wengine watakaokuambia mkate huo umewaponya matumbo. Waamini, kwa maana yao. Ngano ina sukari za aina ya fruktani ambazo kwa watu wengi huleta gesi na kujaa tumbo, na chachu ya asili inayolazwa muda mrefu inazila sehemu kubwa. Mtu mwenye tumbo jepesi kukasirika, asiye na siliaki, anaweza kupata nafuu ya kweli kwa mkate huo. Hiyo ni shida nyingine na mwili mwingine. Kama jirani yako ni wa namna hiyo, mwache ale kwa raha.

Sasa, binti anatamani mkate, na hilo nalichukulia kwa uzito, kwa sababu kijana wa miaka 19 anayenyimwa kila kitu bila kupewa mbadala huishia kula kwa kificho. Uzuri ni kwamba uchachu anaoutamani hauhitaji ngano. Nyumbani kwetu Kilimanjaro ulezi unachachushwa kwa mbege tangu zamani, na ulezi hauna gluteni. Mtama, uwele, mchele, mahindi na muhogo navyo havina. Shayiri na rai zinayo, kwa hiyo vinywaji vya malti ya shayiri na bia za kawaida binti aviache pia.

Chachu aianze mwenyewe. Asiombe kijiko kwa yule dada, hata kama atailisha unga wa mchele baadaye, kwa sababu mbegu ile imekuja na ngano. Achanganye gramu 50 za unga wa mtama au wa mchele na mililita 50 za maji yaliyochemshwa yakapoa, kwenye chupa safi ya kioo, aifunike kwa kitambaa. Kila siku atoe nusu, aongeze unga na maji kwa vipimo vile vile. Kwa joto la Moshi itaanza kutoa mapovu na harufu ya togwa ndani ya siku nne au tano. Arusha wakati wa baridi ya Juni na Julai inaweza kuchukua wiki nzima. Ikiota ukungu wenye rangi, aitupe aanze upya.

Kwa mkate mmoja atumie gramu 150 za chachu hiyo iliyochangamka, unga wa mchele gramu 200, unga wa mtama 150, wanga wa muhogo 100, chumvi kijiko kidogo kimoja na nusu, maji kama mililita 450, na gramu 25 za maganda ya isabgoli. Isabgoli inauzwa kwenye maduka ya Wahindi kama dawa ya choo kigumu. Ikilowa maji inavuta na kushika hewa mahali pa gluteni, bila hiyo mkate unabomoka. Mkandao utakuwa mzito na wa kunata, si donge la kukanda kama la chapati. Aumwage kwenye kopo lililopakwa mafuta, auache saa nne hadi sita mpaka upande kwa theluthi moja, kisha auoke kwa nyuzi joto 220 karibu saa nzima. Asiukate ukiwa wa moto, maana ndani utakuwa kama ugali. Ukipoa kabisa unakatika vizuri. Utakuwa mzito kuliko wa Njiro, lakini una uchachu ule ule.

Mahali ambapo mpango huu huharibika ni kwenye mashine ya kusaga. Huku kwetu ngano inalimwa Karatu, Monduli na Siha, na mashine nyingi za mtaani zinasaga ngano ya mtu mmoja kisha mtama wa mwingine bila kusafishwa. Kumbuka hesabu yetu: miligramu 50 za gluteni zinapatikana kwenye unga wa ngano usiofika gramu moja, yaani vumbi lililobaki ndani ya jiwe la mashine. Nunua nafaka nzima, ichambue punje kwa punje maana punje za ngano huchanganyika tangu gunia, ioshe, ikauke, kisha itwange kwenye kinu chako au isage kwa blenda ya nyumbani na uichekeche kwa chekeche ambalo halijawahi kuguswa na ngano. Unga wa lishe wa dukani uwe na tahadhari nao zaidi: wengi wanachanganya ngano pamoja na ulezi, soya na karanga, hata pale jina la mbele linapotaja ulezi peke yake.

Nyumbani, kibao na kifimbo cha chapati za familia visitumike kwa mkate wake. Mbao ina nyufa na unga hukaa humo. Mafuta yaliyokaanga maandazi au sambusa yasikaange viazi vyake. Mtori, machalari, wali, maharage na ugali ale kama kawaida, mradi mchuzi haukuongezwa ngano ili uwe mzito.

Kuhusu vile vipande viwili, mwambie daktari wake kwenye kliniki ijayo. Kipimo cha damu cha kingamwili ambacho huitwa tTG-IgA hushuka polepole kwa miezi mingi baada ya mtu kuacha ngano, na kikirudiwa pamoja na kiwango cha damu na madini ya chuma mtajua kama mlo unamfaa. Kosa la siku moja halitaonekana humo, mazoea ya kila wiki yanaweza kuonekana. Ila kipimo hicho kikirudi kizuri kisichukuliwe kuwa ruhusa ya kula mkate, kwa sababu kinaweza kuwa cha kawaida wakati utumbo bado haujapona.

Jambo la mwisho ni kaka na dada zake. Ndugu wa karibu wa mgonjwa wana uwezekano wa takriban mmoja kati ya kumi wa kuwa na siliaki, pengine bila dalili. Wapelekwe wapimwe, hasa yule mwenye upungufu wa damu au asiyekua vizuri. Waendelee kula ngano kama kawaida mpaka damu ichukuliwe, na kama daktari ataagiza kamera ya tumbo, waendelee mpaka hiyo nayo ikamilike. Nimeona familia ambazo kwa upendo ziliondoa ngano kwa watoto wote siku ile ile mmoja alipogundulika, na vipimo vya waliobaki vikatoka safi kwa sababu tu walikuwa wameshaacha.